Hewa Kwanza

Mtoto akiwa bado tumboni, mapafu yake hayana hewa hata kidogo. Yamejaa maji. Kwa mtoto wa kilo 3 anayekaribia kuzaliwa, wataalamu hukadiria maji hayo kuwa mililita 75 hadi 90. Akishatoka, maji hayo yanatakiwa yaondoke na hewa ishike nafasi yake. Papo hapo damu ambayo kwa miezi yote ilikuwa ikiyapita mapafu kando inatakiwa igeuze njia na kuingia humo. Mabadiliko hayo huanza ndani ya dakika moja, na kwa watoto walio wengi huenda sawa bila mtu kuyaona. Mama husikia kilio, mkunga huandika saa, kazi nyingine zinaendelea.

Watu wengi hudhani maji ya mapafuni ni yale ya chupa, ambayo mtoto ameyameza au kuyavuta. Sivyo. Mapafu yenyewe ndiyo huyatengeneza. Seli zinazotanda kuta za vifuko vya hewa husukuma chumvichumvi kuelekea ndani ya vifuko, na maji huifuata chumvi hiyo. Shinikizo la maji ndilo linaloyatanua mapafu yakue. Ndiyo maana mama ambaye chupa yake imepasuka mapema mno, miezi mingi kabla ya siku zake, huweza kuzaa mtoto mwenye mapafu madogo: maji yamekuwa yakivuja, na mapafu yamekosa cha kuyatanua.

Wakati huo kazi ya kupumua inafanywa na kondo la nyuma. Kitovu kina mishipa mitatu. Mmoja mpana humletea mtoto damu iliyochukua oksijeni kwa mama, na miwili myembamba hurudisha iliyotumika. Damu inayoingia hupita njia tatu za mkato ambazo mtu mzima hana. Ya kwanza huivusha sehemu ya damu hiyo pembeni ya ini na kuifikisha moyoni upesi. Ya pili ni tundu katika ukuta unaotenga vyumba viwili vya juu vya moyo. Damu nzuri hupenya hapo kutoka kulia kwenda kushoto, kisha hupelekwa kwenye ubongo na misuli ya moyo wenyewe. Ya tatu ni mshipa mfupi unaounganisha mshipa mkubwa wa mapafu na aota, ili damu iliyokuwa ielekee mapafuni igeuzwe na kwenda mwilini.

Kwa nini damu ikubali kugeuzwa? Kwa sababu mishipa ya ndani ya mapafu imejibana. Palipo na maji na oksijeni kidogo, mishipa hiyo husinyaa na damu hupata taabu kupita, ilhali upande wa kondo njia ni pana na nyepesi. Damu hufuata penye wepesi. Katika damu yote inayosukumwa na moyo wa mtoto aliye tumboni, ni kama 10% tu inayopita kwenye mapafu, kiasi cha kuyalisha yakue.

Mageuzi huanza kabla mtoto hajatoka. Uchungu unapokolea, mwili wa mtoto humwaga adrenalini kwa wingi. Homoni hiyo, ikisaidiana na kortisoli iliyokuwa ikipanda siku za mwisho wa mimba, huzigeuza seli za mapafu kazi yake: zilizokuwa zikimwaga chumvi sasa huanza kuifyonza, na maji huifuata kurudi ndani ya mwili. Kupita kwenye njia ya uzazi nako hukibana kifua na kukamua sehemu ya maji puani na mdomoni. Zamani vitabu vilisema kukamuliwa huko ndiyo njia kuu. Siku hizi kunaonekana ni msaada tu.

Ushahidi mzuri ulipatikana kwa sungura. Mwaka 2007 kundi la watafiti la Stuart Hooper, wa Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia, lilichapisha picha za eksirei zilizopigwa kwenye mtambo wa SPring-8 nchini Japani, mtambo wenye mwanga mkali unaoweza kuonyesha hewa ikiingia mapafuni hatua kwa hatua. Katika vitoto vya sungura vilivyozaliwa muda huo, mpaka kati ya hewa na maji ulisogea ndani kila kitoto kilipovuta pumzi. Kati ya pumzi moja na nyingine ulisimama, au ulirudi nyuma kidogo. Maana yake ni kwamba mtoto huyafukuza maji kwa kuvuta hewa. Msuli wa kiwambo unaposhuka na kifua kutanuka, maji husukumwa kutoka kwenye vifuko na kuingia katika nyama inayovizunguka.

Kwa hiyo maji hayapotei mara moja, yamehama tu. Hukaa katika nyama hiyo kwa saa kadhaa, yakichukuliwa kidogo kidogo na damu na mishipa ya limfu. Muda wote huo yanaweza kurudi vifukoni, hasa mtoto anapotoa pumzi.

Hapo ndipo inapoeleweka sababu ya tatizo ambalo wauguzi wa wodi za wazazi hulikuta mara nyingi kwa watoto waliozaliwa kwa upasuaji uliopangwa, kabla uchungu haujaanza. Mtoto ametimiza miezi yake, uzito ni mzuri, amelia vizuri, lakini baada ya saa moja au mbili anahema haraka, mara 70 au 80 kwa dakika, wakati kawaida ya mtoto mchanga haizidi 60. Hakupata ile adrenalini ya uchungu, kwa hiyo amezaliwa na maji mengi kuliko wenzake. Wengi wa watoto hawa hupona ndani ya siku moja hadi tatu, wengine wakisaidiwa kwa oksijeni. Hata hivyo nimonia na maambukizi ya damu huanza vivyo hivyo, kwa hiyo daktari hasemi ni maji tu mpaka amchunguze na kumfuatilia.

Mambo kadhaa humchochea mtoto kuvuta pumzi ya kwanza kwa pamoja: baridi ya chumba juu ya ngozi iliyolowa, mikono inayomgusa na kumfuta, na kaboni dayoksaidi inayopanda katika damu. Kupumua kwenyewe si kugeni kwake, kwani kifua chake kimekuwa kikifanya mazoezi ya kupanda na kushuka tumboni kwa wiki nyingi. Kigeni ni uzito wa kazi. Kuvuta hewa mahali palipo na maji kunahitaji nguvu mara kadhaa zaidi ya pumzi za baadaye. Kisha, badala ya kuiachia pumzi itoke yote, mtoto hubana koo na kulia. Kilio kinachosubiriwa na kila mtu leba kina kazi yake: hewa inatoka kwa kubanwa, shinikizo linabaki ndani, na vifuko vilivyofunguka havijifungi tena.

Bado kuna kizuizi kimoja. Vifuko vya hewa vina kuta nyembamba zenye unyevu, na kuta za namna hiyo hugandamana kama mfuko wa plastiki uliolowa. Kinachozuia hilo ni safaktanti, utando wa mafuta na protini unaomwagwa na seli za mapafu yenyewe. Huanza kutengenezwa katikati ya mimba lakini haitoshi mpaka karibu wiki ya 34 au 35. Mtoto njiti huweza kuvuta pumzi ya kwanza vizuri kabisa, kisha vifuko vikajifunga anapoitoa, ikabidi avifungue upya kwa nguvu ileile, kila pumzi, mpaka achoke.

Dunia ililisikia jambo hilo tarehe 7 Agosti 1963, mke wa Rais John F. Kennedy wa Marekani alipojifungua mtoto wa kiume, Patrick, wiki tano na nusu kabla ya siku zake. Alikuwa na kilo 2.1. Kupumua kulimshinda, na tarehe 9 Agosti alifariki, ingawa alikuwa na madaktari bora wa nchi yake. Chanzo kilikuwa kimeshajulikana: mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead walikuwa wameonyesha kwamba mapafu ya watoto waliokufa kwa ugonjwa huo yalipungukiwa safaktanti. Tiba ndiyo haikuwapo. Mwaka 1972 Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa sindano ya homoni anayochomwa mama kabla ya kujifungua hukomaza mapafu ya njiti. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani alitoa taarifa ya watoto 10 waliotiwa mapafuni safaktanti iliyotengenezwa kutokana na ya ng'ombe. Sindano ya mama hutumika pia katika hospitali zetu, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi tano za jaribio la Shirika la Afya Duniani ambalo mwaka 2020 lilithibitisha kuwa inapunguza vifo vya njiti.

Turudi kwa mtoto wa kilo 3 aliyetimiza siku zake, tumfuate dakika zake za kwanza.

Sekunde chache baada ya kutoka amelia. Hewa imegusa vifuko, na mishipa ya mapafu iliyokuwa imejibana inalegea. Kulegea huko hakusubiri oksijeni peke yake. Kujaa hewa kwenyewe kunatosha kukuanzisha, na oksijeni hukuongezea kasi. Damu inayopita mapafuni inaongezeka, na hatimaye hufika mara nane hadi kumi ya ilivyokuwa. Damu hiyo yote inarudi kwenye chumba cha juu cha kushoto cha moyo, ambacho tumboni kilikuwa kikipata kidogo. Shinikizo la kushoto linapanda, linalizidi la kulia, na kijiwambo kilicho upande wa kushoto wa lile tundu kinasukumwa ukutani na kuliziba.

Kitovu kikishafungwa, ile njia pana ya kondo nayo imekatika, na shinikizo la damu mwilini linapanda. Sasa aota ina nguvu kuliko mshipa wa mapafu. Katika ule mshipa mfupi unaoviunganisha, damu inageuka: iliyokuwa ikikwepa mapafu sasa inarudishwa mapafuni. Halafu mshipa wenyewe unaanza kujibana, kwa sababu oksijeni imepanda na prostaglandini, homoni iliyokuwa ikiuweka wazi na kutoka kwa wingi kwenye kondo, imeanza kwisha. Kwa watoto wengi waliotimia huwa umejifunga ndani ya siku moja hadi tatu, na wiki chache baadaye hubaki uzi mgumu tu. Tundu la moyoni huchukua muda mrefu zaidi kushikana, na kwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne halishikani kabisa, ingawa wengi hawapati dhara lolote.

Kwa kuwa mabadiliko haya ni ya hatua, rangi ya mtoto nayo ni ya hatua. Dakika ya kwanza oksijeni katika damu yake huwa kama 60% hadi 65% tu, na kwa mtu mzima kiwango hicho kingekuwa hatari. Dakika ya tano inafika 80% hadi 85%, na ya kumi 85% hadi 95%. Mtoto anayelia kwa nguvu huku midomo na mikono yake ni ya samawati bado yuko sawa. Mkunga anatazama kama anapumua na moyo wake unadunda zaidi ya mara 100 kwa dakika. Rangi inakuja baadaye.

Wako wasiolia. Wakunga husema mtoto amezaliwa amechoka. Mara nyingi amekosa oksijeni wakati wa uchungu, kwa kuwa kitovu kimebanwa au uchungu umechukua muda mrefu mno. Katika majaribio ya wanyama, Geoffrey Dawes wa Oxford na wenzake walionyesha kuwa kunyimwa hewa kuna ngazi mbili. Kwanza mtoto huhema kwa nguvu kisha hunyamaza. Akifutwa na kusuguliwa mgongo hapo, huanza kupumua. Akiachwa, hutweta mara kadhaa na kunyamaza tena, na safari hii kusuguliwa hakumwamshi. Moyo unapungua kasi, shinikizo la damu linashuka, na kinachoweza kumrudisha ni hewa anayosukumiwa mapafuni na mtu mwingine.

Shida ni kwamba watoto wa ngazi zote mbili wanafanana. Wote wamelegea, wote kimya. Mkunga hawezi kujua huyu mbele yake alifika ngazi gani akiwa bado tumboni, kwa hiyo hafanyi majadiliano na saa. Anamfuta haraka kwa kitambaa kikavu, anamfunika, anamsugua mgongo. Kumning'iniza miguu juu, kumpiga makofi au kumwagia maji baridi hakusaidii na kunaweza kumdhuru. Kumnyonya mdomo na pua kwa mpira hufanywa tu pale panapoonekana uchafu ulioziba njia, kwani kuingiza mpira kooni bila sababu huweza kushusha mapigo ya moyo, na maji ya ndani ya vifuko hayafikiwi nao.

Kama bado hapumui, kabla dakika moja haijaisha anatakiwa awe ameshawekewa kinyago cha mfuko wa ambu. Mafunzo ya Kusaidia Watoto Kupumua, yaliyozinduliwa mwaka 2010 na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, huiita dakika hiyo ya dhahabu. Shingo inanyooshwa kidogo tu, kinyago kinashikwa kisivujishe, na mfuko unabonyezwa kama mara 40 kwa dakika. Mkunga anatazama kifua. Kisipopanda, hewa haijaingia, hata kama mfuko unabonyezwa sawasawa. Anarekebisha kinyago na shingo kisha anajaribu tena. Dalili ya kwanza ya mafanikio ni mapigo ya moyo kupanda, ambayo huyasikia kwa vidole kwenye shina la kitovu.

Kuchelewa kuna gharama gani? Jibu moja lilitoka Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyoko mkoani Manyara, kaskazini mwa Tanzania. Kuanzia mwaka 2009 watu maalumu walikaa wodi ya wazazi wakiandika sekunde kwa sekunde kilichotokea kwa kila mtoto. Kati ya zaidi ya 5,800 walioangaliwa, karibu 84% walianza kupumua wenyewe. Miongoni mwa waliohitaji ambu, kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza ziliendana na ongezeko la 16% la hatari ya kufa au ya kulazwa wodi ya watoto wachanga. Hege Ersdal, Estomih Mduma na wenzao walichapisha takwimu hizo mwaka 2012.

Mwaka 2014 hospitali hiyohiyo ilitoa takwimu za kitovu. Watoto waliofungwa kitovu kabla hawajaanza kupumua walikuwa katika hatari kubwa kuliko waliofungwa baada ya kupumua. Maumbile yanaeleza sababu. Kabla mapafu hayajafunguka, upande wa kushoto wa moyo hujazwa na damu inayotoka kwenye kondo na kupita kwenye lile tundu. Ukikifunga kitovu hapo, damu hiyo imekatika na ya mapafuni haijaja. Moyo unadunda ukiwa na damu pungufu. Kwa wanakondoo waliochunguzwa Monash, waliopewa hewa kwanza ndipo kitovu kikafungwa, mapigo ya moyo hayakuanguka. Takwimu za Haydom peke yake hazitoshi kuwa uthibitisho, maana huenda watoto waliokuwa hoi ndio waliowahi kukatwa kitovu ili wapelekwe mezani kusaidiwa. Kwa mtoto anayepumua mwenyewe, hata hivyo, ushauri wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: kitovu kisifungwe kabla ya dakika moja.

Kujua haya darasani hakukutosha. Wakunga wa Haydom walipopewa mafunzo ya siku moja, walifanya vizuri zaidi kwenye mwanasesere wa mazoezi, lakini kazi yao kwa watoto halisi haikubadilika. Mwaka 2011 hospitali ilibadili utaratibu. Mwanasesere akawekwa wodini, na kila mkunga akafanya zoezi la dakika tatu hadi tano kila wiki, zamuni kwake, pamoja na marudio marefu kidogo kila mwezi. Katika mwaka uliofuata, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Takwimu nyingine za mwaka huo zinaonyesha mabadiliko yalitokea wapi. Watoto waliosuguliwa ili waanze kupumua waliongezeka, kutoka 14.5% hadi 16.3%. Waliohitaji mfuko wa ambu walipungua, kutoka 7.3% hadi 5.9%.